Mkono Uliobaki Hewani

Maskati kuna nyumba ambazo ukiingia na kufumba macho utadhani uko Malindi ya Unguja. Kiswahili kinachosemwa ni cha mjini, chai ina tangawizi, na wazee wanasimulia mitaa ya Zanzibar kana kwamba waliihama juzi. Ni familia zilizorudi Oman baada ya Mapinduzi ya 1964, na nyingine baada ya 1970, Sultani Qaboos alipotwaa madaraka na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi. Katika nyumba moja ya namna hiyo ndipo mkono wangu ulipobaki hewani.

Mwenyeji alinipokea mlangoni. Tukashikana mikono, tukaulizana hali, safari, watoto na wazee. Kisha akatokea mama yake, bibi wa miaka sabini na kitu, mtandio kichwani. Nikasema, "Shikamoo bibi," na mkono ukatangulia kabla sijaufikiria. "Marahaba mwanangu, karibu sana," akaitikia uso mzima ukicheka, na kiganja chake cha kulia kikatua kifuani, juu kidogo ya moyo. Ikawa ndiyo hiyo. Mkono wangu ulibaki katikati ya sebule kama wa konda anayedai nauli.

Bibi hakukosea neno wala tendo, kwa hiyo aibu ilikuwa yangu peke yangu. Tena mimi ni mtu wa Tanga. Nimekua nikiwaona wanaume wa mtaani wakisalimiana na mabibi kwa mdomo tu, kila mmoja amesimama upande wake wa kibaraza. Kilichonilaghai ni lugha. Nilisikia maneno ya nyumbani, mwili ukajiachia kama uko ofisini Dar es Salaam, ambako kila anayeingia hupewa mkono, awe mwanamume au mwanamke.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitazama salamu kwa jicho jingine, hasa kwa kuwa kazi yangu ya ukalimani hunifanya nisimame katikati ya watu wawili wanaokutana kwa mara ya kwanza. Maneno ya salamu mtu hujifunza ndani ya ndege: bonjuru, konichiwa, sawadii. Mwili ndio unaoponza, kwa sababu una maswali yake ambayo kitabu cha misemo hakiyagusi. Nani aanze? Kiungo gani kiguse nini, au kisiguse kabisa? Na iishe lini? Kila jamii imeshayajibu, lakini watu wake walijibiwa wakiwa wadogo kiasi kwamba hawajui kama ni maswali. Ndiyo maana mwenyeji hawezi kukuonya mapema. Kwake yeye hakuna cha kuonya.

Chukua mkono wenyewe, ambao wengi tunadhani ni salamu ya dunia nzima. Kwetu mkono ukishashikwa haurudishwi upesi. Unabaki pale wakati habari za nyumbani, za kazi na za mvua zinapita, mara vidole gumba vinapandana, mara viganja vinarudi chini, na mazungumzo yakinoga watu wawili wanaweza kuvuka barabara ya Kariakoo wakiwa bado wameshikana. Kwa mkubwa tunalegeza mkono, tunashika kiwiko chetu cha kulia kwa mkono wa kushoto, na macho tunayateremsha. Ulegevu ule ni heshima. Mpeleke mtu huyohuyo Ujerumani. Huko mkono unabanwa kwa nguvu kiasi, unatikiswa mara moja au mbili, macho yakiwa ndani ya macho, kisha unaachiwa. Kijana wetu aliyeinamisha macho na kulegeza vidole ametoa heshima yote aliyofundishwa, na mwenzake amesoma mtu asiyejiamini au mwenye la kuficha.

Muda nao una dalili yake, na ni rahisi kuiona ukishaijua. Mtu wa kaskazini mwa Ulaya akitaka mkono wake hatakwambia. Vidole vyake vitalegea na kunyooka ndani ya kiganja chako, vikawa kama samaki aliyekata roho. Hapo anauomba. Ukiendelea kuushika huku ukiuliza habari za watoto, hatakusikia tena, maana akili yake yote imehamia kwenye mkono.

Nirudi kwa bibi wa Maskati, kwa sababu salamu isiyogusa ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Msafiri akiachwa na mkono hewani, jambo la kwanza analofikiria ni kwamba amedharauliwa. Kumbe kinachotazamwa si yeye ni nani, ni yeye na huyu wana uhusiano gani. Waislamu wengi wanaoshika dini kwa makini hawagusani mwanamume na mwanamke wasio maharimu, yaani wasio ndugu wa karibu wasioweza kuoana, wala mume na mke. Wayahudi washika dini sana wana katazo linalofanana na hilo, kwa hiyo mfanyabiashara wa kiume anayempa mkono mwanamke wa Kiyahudi wa aina hiyo atakutana na tabasamu lilelile na mikono ileile iliyotulia.

Lakini usiondoke na wazo kwamba Ghuba ni mahali pasipogusana. Mwanamume kwa mwanamume hugusana kuliko sisi. Oman na Falme za Kiarabu utaona wanaume wawili wamekaribiana wakagusanisha pua, taratibu, bila haraka, mara moja au zaidi kwa kadiri ya ukaribu wao. Mgeni anayeona pua ikimjia hurudisha kichwa nyuma, na hilo ndilo kosa. Mgeni mwenyewe hahitaji kuianzisha, mkono unamtosha. Ila ikianzwa na mwenyeji, atulize kichwa, maana mwenyeji anajua umbali.

Kwa mwanamume anayesalimiana na mwanamke huko, kanuni ni moja tu: usianze wewe. Mwache yeye aamue. Akinyoosha mkono, na wako wengi wanaonyoosha, hasa maofisini, upokee kwa wepesi. Asiponyoosha, kiganja chako kiende kifuani na kichwa kiiname kidogo. Mara nyingi utaona jibu kabla ya salamu ukitazama mikono yake: imeshika mkoba yote miwili, au wa kulia umeshaanza kupanda kifuani wakati yeye bado yuko hatua tatu. Na kama mkono wako umeshatoka, usiurudishe ghafla kama uliyegusa moto. Uendeleze tu njia yake mpaka kifuani kwako, kana kwamba ndiko ulikokuwa unaelekea. Nilipofanya hivyo mbele ya bibi, akacheka kwa sauti, akaniita niketi.

Ulaya, kiganja hichohicho cha kifuani kimefika mahakamani. Mwaka 2016, katika mji mdogo wa Therwil nchini Uswisi, shule ilikuwa imewaruhusu wavulana wawili Waislamu wasiwape walimu wa kike mkono. Msomaji wa Dodoma au Kisumu ajue kwanza kwamba shule nyingi za huko zina desturi ya mwalimu kumshika mkono kila mwanafunzi, asubuhi na wakati wa kuondoka. Ili kusiwe na ubaguzi, shule ikaamua wavulana hao wasiwape mkono hata walimu wa kiume. Nchi nzima ikazozana. Mamlaka ya jimbo ikaja kuamua kwamba mwalimu ana haki ya kudai mkono, na mzazi wa mtoto anayekataa anaweza kutozwa faini inayofikia faranga 5,000.

Uswidi ilifika kwingine. Mwanamke Mwislamu aliomba kazi ya ukalimani Uppsala, na katika usaili akaweka mkono kifuani badala ya kumpa mkono mwanamume aliyekuwa akimsaili. Usaili ukakatishwa. Agosti 2018 Mahakama ya Kazi ikaamua kwamba alibaguliwa, akapewa fidia ya kronor 40,000. Kampuni ilikuwa imejenga hoja kwamba wanaume na wanawake lazima watendewe sawa. Jibu la upande wa mwanamke huyo lilikuwa kwamba yeye huwasalimu watu wote kwa mkono kifuani wanapokuwa pamoja wanaume na wanawake, hivyo hakuna aliyetengwa. Kesi hii naipenda kwa sababu zangu za kikazi, maana mkalimani huyo alikuwa anatafsiri salamu yake mwenyewe na hakusikilizwa.

Denmark nayo, Desemba 2018, ilipitisha sheria kwamba anayepewa uraia lazima ampe mkono mwakilishi wa serikali katika sherehe, kiganja kwa kiganja, bila glavu. Baadhi ya mameya walilalamika kwamba wanageuzwa polisi wa mikono. Halafu ikaja korona mwaka 2020, kugusana kukawa hatari, na sherehe zenyewe zikasimama. Mwaka huohuo, mwanzoni mwa Machi, Ikulu ya Dar es Salaam ilionyesha picha ambayo hakuna mtu wa itifaki angeiota: Rais Magufuli na Maalim Seif Sharif Hamad wakisalimiana kwa kugonganisha miguu. Waliocheka walicheka, lakini maana ilifika. Mguu ulifanya kazi ya mkono na hakuna aliyehisi kudharauliwa.

Upande wa pili wa mizani yuko Mfaransa na shavu lake. Salamu hiyo wenyewe wanaiita la biz, na mgeni huikosea kwa kudhani ni busu. Midomo haigusi ngozi. Shavu linagusa shavu, au linakaribia kugusa, na midomo inatoa mlio mdogo hewani karibu na sikio. Anayebusu shavu kwa midomo, tena ikiwa na unyevu, atakumbukwa, ila si kwa wema. Wanawake wanapeana wao kwa wao na kwa wanaume wanaofahamiana. Wanaume kwa wanaume ni jambo la ndugu na marafiki wa karibu, wengine wanatosheka na mkono. Kazini hutegemea ofisi, na mteja au bosi uliyekutana naye leo hupewa mkono na "bonjuru".

Kinachomtesa mgeni ni hesabu. Sehemu kubwa ya Ufaransa ni mbili. Ukishuka kusini, maeneo ya Montpellier, ni tatu. Brest, kule ncha ya magharibi, wengi wanaishia moja, na ziko sehemu za kaskazini ambako wengine hufikisha nne. Shavu la kuanzia nalo linahama: mahali pengi wanatanguliza la kulia, kusini-mashariki utawakuta wanaotanguliza la kushoto. Wafaransa wenyewe wanakoseana. Mtu wa Paris akienda harusini Montpellier anatoa mbili na kurudi nyuma, mwenzake anakuja na ya tatu, inaangukia puani au kwenye miwani, wanacheka. Ukishajua kwamba hata wao huulizana "kwenu ni ngapi?", hofu inapungua. Ukifika Uholanzi utakuta desturi ya tatu, na Ubelgiji siku hizi moja inatosha kwa wengi.

Ujanja niliofundishwa na dada mmoja wa Bujumbura anayeishi Ubelgiji ni huu: usianze, na usimalize. Simama wima na utabasamu, mwache mwenyeji aje. Bega lake ndilo linalosema upande anaokwenda, nawe unapeleka shavu upande huohuo wake, si unaofikiri wewe. Baada ya ya pili kaa palepale nusu sekunde. Kama ipo ya tatu itakuja yenyewe. Kama haipo, atakuwa ameshasema jambo, na wewe hujaachwa umenyoosha shingo. Na kama hutaki kabisa, kwa dini au kwa hiari yako, toa mkono mapema ukiwa bado hatua mbili, mkono ukiwa umenyooka. Mkono ulionyooka ni uzio, na kila Mfaransa anaufahamu.

Watu wa Kongo na Burundi hawashtuki sana na haya, maana mashavu wameyazoea, na wanaume wa Kikongo wana ya kwao ya kugusanisha vichwa pembeni mwa paji, huku, kule, na huku tena. Anayeganda kama mti ni Mtanzania wa bara. Nimemwona mhandisi mzima, mtu anayepanda minara, akikimbilia msalani kwenye sherehe ya Lyon ili kundi la wakwe lipite.

Mashariki ya mbali mambo yanageuka tena, na hapa nadhani Mswahili ana mtaji ambao Mzungu hana. Mtaji wenyewe ni shikamoo. Wengi wanaeleza asili yake kuwa "nashika miguu yako": salamu iliyoacha kugusa, ikabaki na daraja. Mdogo anaanza, mkubwa anaitikia marahaba. Hakuna mtu anayemwamkia mtoto wa darasa la pili shikamoo, na ukifanya hivyo mtoto atakimbia akidhani umerukwa na akili.

Sasa itazame wai ya Thailand kwa macho hayo. Viganja vinakutanishwa mbele ya kifua kama ua ambalo halijachanua, kichwa kinainama kuvifuata. Mdogo ndiye anayeanza. Kadiri anayesalimiwa anavyokuwa mkubwa, ndivyo mikono inavyopanda na kichwa kinavyoshuka: kwa watu wa kawaida ncha za vidole ziko chini ya kidevu, kwa wazazi na walimu vidole gumba hufika puani, kwa watawa wa Kibudha hufika katikati ya nyusi. Mtawa harudishi. Amekaa juu ya ngazi, anapokea tu, wala mwanamke asimguse hata kwa bahati mbaya.

Watalii wakishajifunza wai humpigia kila mtu: mhudumu wa hoteli, muuza maembe, mtoto aliyewafungulia mlango. Kwa Mthai ni kama kumsikia mzee mwenye mvi akimwamkia mhudumu wa kantini, "Shikamoo kijana." Nia ni njema, ngazi imepinduliwa. Mhudumu akikupigia wai, tabasamu na kuinamisha kichwa kidogo kunatosha, na ukipigiwa na mtu wa rika lako, irudishe. Swali la nani aanze mtu wetu analijibu sawasawa bila kufundishwa. Linalomtega ni la kiungo. Umasaini mtoto hukuletea utosi wake uuguse, na hiyo ndiyo salamu. Thailand kichwa ni sehemu tukufu ya mwili, na mgeni anayempapasa mtoto utosini kwa mapenzi amefanya jambo la kukera mbele ya wazazi wake.

Japani daraja hilo limepimwa mpaka kwa nyuzi. Nitaieleza kupitia siku mbili nilizokaa na mzee mmoja wa Mombasa aliyekwenda Yokohama kukutana na wauzaji wa magari yaliyotumika. Magari hayo tunayajua, ndiyo yanayotembea barabara zetu. Wafanyabiashara wetu wengi huyanunua kwa simu na kompyuta miaka mingi kabla ya kumwona muuzaji uso kwa uso, kwa hiyo siku ya kuonana ni kama ndugu wanaokutana. Mzee alijiandaa kwa kutazama video.

Kuinama kwa Kijapani kunaitwa ojigi, na anayefundisha wafanyakazi wapya hutaja viwango vitatu. Eshaku ni nyuzi 15, ya kupishana koridoni. Keirei ni 30, ya kumpokea mteja au mkubwa. Saikeirei ni 45, ya kuomba radhi au kushukuru kwa jambo zito. Kinachopinda ni kiuno, si shingo: mgongo na kichwa vinabaki mstari mmoja, macho yanashuka na mwili. Wanaume wanaiacha mikono pembeni mwa mapaja, wanawake wanaikutanisha mbele. Kwa unadhifu, maneno yanatangulia na mwili unafuata. Unasema salamu ukiwa wima, halafu unainama, unatulia kidogo chini, na unainuka polepole kuliko ulivyoshuka. Mdogo anashuka zaidi na anakaa zaidi.

Ya mzee iliharibika kabla hata hajainama, kwa sababu ya umbali. Salamu ya kuinama inahitaji nafasi ya hatua mbili hivi kati ya watu, la sivyo vichwa vitagongana. Mwenyeji, bwana wa makamo mwenye tai ya kijivu, alisimama mbali kwa nafasi hiyo. Kwa mtu wa Mombasa nafasi ile ni baridi, ni kama mwenzako ananuna. Mzee akasogea. Mwenyeji akarudi nyuma hatua moja ili apate pa kuinamia. Mzee akasogea tena. Wakasogeana hivyo mpaka mgongo wa mwenyeji ukafika kwenye rafu ya magari madogo ya maonyesho, hana pa kwenda. Hapo mzee akakumbuka video, akakutanisha viganja kifuani na kuinama mpaka chini. Ile ilikuwa wai ya Thailand. Mwenyeji, kwa adabu, akainama naye pale alipobanwa, huku amenyoosha na mkono kwa kuwa amezoea wageni. Vichwa vilipona kwa unene wa kofia.

Kuchanganya mkono na kuinama kwa wakati mmoja si kosa la watu wadogo tu. Novemba 2009 Rais Obama alimshika mkono Mfalme Akihito huku ameinama sana, na wenzake Marekani wakabishana kwa siku kadhaa kama amejidhalilisha. Wajapani wenyewe hutenganisha. Mkono ukitangulia, mnashikana kwa wepesi, mnaachana, kila mmoja anarudi nyuma kidogo, ndipo kichwa kinainama. Na ule mshiko wao ni laini kama wetu wa kumpa mkubwa, jambo lililomfurahisha mzee kuliko yote.

Kisha zikaja kadi. Kadi ya jina, meishi, ni sehemu ya salamu na si karatasi ya namba za simu. Inatolewa mkiwa mmesimama, kwa mikono miwili, maandishi yakimwelekea anayepokea, huku ukitaja jina lako na kampuni yako. Mgeni anayekuja kuuziwa au kuomba hutangulia, na aliye chini huishusha kadi yake kidogo kuliko ya mwenzake. Ukiipokea unaisoma. Mkikaa, unaiweka mezani mbele yako, na kama ni watu watatu unazipanga kadi kama walivyokaa, jambo ambalo mimi mkalimani nalishukuru kwa kuwa majina yote yako machoni. Mzee aliitoa yake mfuko wa nyuma wa suruali, imepinda na ina joto. Ya mwenyeji akaipokea kwa mkono mmoja, akaitia mfuko uleule, akaikalia. Hakuna aliyesema kitu. Wasaidizi wawili walitazama mezani. Dalili ya kosa Japani huwa ni hiyo, ukimya mfupi na macho yanayotafuta mahali pengine.

Jioni hotelini nilimweleza. Hakukasirika. Aliniuliza swali moja tu la maana: "Sasa, nitajuaje kama anataka mkono au kuinama?" Nikamwambia atazame miguu. Anayetaka kuinama husimama mbali, visigino vimekutana. Anayetaka mkono huja mpaka karibu, mguu mmoja mbele. Akafanya mazoezi mbele ya kioo cha kabati, akasimama hatua mbili, akasema "ohayo gozaimasu" kwa lafudhi ya Mvita, akainama. Asubuhi akaninunulisha kijaluba cha kadi.

Siku ya pili ilikwenda vizuri mpaka wakati wa kuaga. Wenyeji wanne walitusindikiza hadi kwenye lifti, wakajipanga mstari mbele ya mlango. Sisi tukaingia, wao wakainama wote kwa pamoja, na desturi ni kukaa hivyo mpaka milango ifungike. Mzee hakulijua hilo, na kwake kuagana kwa kimya si kuagana. Milango ilipokaribia kukutana aliiwekea mguu, ikafunguka. "Asanteni sana, mtusalimie nyumbani!" akasema, nikatafsiri. Wale mabwana walikuwa wameanza kuinuka, wakainama upya. Milango ikaanza kufunga, mzee akakumbuka hajamtaja yule kijana aliyetuletea chai. Mguu tena. Nikatafsiri, wakainama. Mara ya tatu alitaka kuuliza lini watakuja Mombasa. Nilipotafsiri, yule mwenye tai ya kijivu alikuwa bado ameinama, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.